SOMO: Unalipwa kwa kamisheni? Hivi ndivyo kodi inavyokukata, na hesabu ya mwisho wa mwaka ilivyo

Wanaouza kwa kamisheni mnajua, mwezi mmoja unapata hela ya kujikimu tu, mwezi unaofuata dili zinafunga unapokea nyingi, alafu ukifungua slipu unakuta kodi imemeza kipande kikubwa mpaka unahisi umeibiwa. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Shida ipo kwenye namna mhasibu anavyokokotoa, na hiyo ndo tunaenda nayo leo.

Nitatumia viwango vya kubuni ili hesabu iwe nyepesi, wewe utaweka vya kwenu. Tuseme kwa mwezi 1,000 ya kwanza haina kodi, 1,000 inayofuata inakatwa 10%, na chochote kinachozidi 2,000 kinakatwa 30%. Kwa mwaka unazidisha kwa 12, yaani 12,000 bila kodi, 12,000 kwa 10%, zaidi ya 24,000 ni 30%.

Hatua ya 1: kusanya slipu zote 12. Muuzaji wetu ana mshahara wa 500 na kamisheni juu. Miezi 8 alipata jumla ya 800 kila mwezi, miezi 4 alipata 5,000. Mwaka mzima ni 6,400 + 20,000 = 26,400.

Hatua ya 2: angalia kilichokatwa. Miezi ya 800 kodi ni sifuri. Mwezi wa 5,000 unakatwa 100 pamoja na 900 (30% ya 3,000), jumla 1,000. Mara miezi 4, kodi iliyokatwa ni 4,000.

Hatua ya 3: piga hesabu ya mwaka. 26,400 inatoa 1,200 kwenye daraja la 10%, na 2,400 iliyobaki kwa 30% ni 720. Jumla 1,920. Kwahiyo amekatwa zaidi kwa 2,080! Mwenzake anayelipwa 2,200 kila mwezi bila kupanda wala kushuka ana kipato kilekile cha mwaka, na anakatwa 160 kwa mwezi, yaani 1,920 kamili. Kilichomuumiza huyu wa kamisheni ni kwamba ile miezi 8 ya 800 kila mmoja uliacha 200 ya nafasi isiyo na kodi pamoja na daraja lote la 10% bila kutumika, na kwa kuwa kila mwezi ulihesabiwa peke yake nafasi hiyo haikuhamia kwenye mwezi mzuri.

Hatua ya 4: dai tofauti. Kuna sehemu mwajiri analinganisha mwenyewe kwenye mshahara wa mwezi wa mwisho, na kuna sehemu mpaka ujaze ritani ya mwaka ndo urudishiwe. Uliza mapema, maana usipojaza hela inabaki hukohuko. Ila kuna mifumo ambayo kodi ya mwezi ndo ya mwisho, hapo hakuna cha kudai, soma sheria ya kwenu kabla hujaanza kuitumia hela kichwani.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu mbona mimi mwezi mbaya slipu inaonyesha nimerudishiwa kodi?*
Ofisi yenu inatumia hesabu ya kujumlisha tangu mwaka uanze. Mfano mwezi wa kwanza umepata 5,000 ukakatwa 1,000, wa pili umepata 800. Jumla ni 5,800, na madaraja yanazidishwa mara 2, kwahiyo kodi ya miezi yote miwili ni 200 + 540 = 740. Ulishakatwa 1,000, basi 260 inarudi kwenye mshahara. Ukiwa na mfumo huu mwisho wa mwaka tofauti huwa ndogo sana.

*Mimi kinyume chake, mwisho wa mwaka nimeambiwa nadaiwa, na kila mwezi walikata!*
Angalia kama kamisheni ilikatwa kwa asilimia moja isiyobadilika. Chukua huyohuyo wa 26,400, mshahara wake wa 500 haufiki kwenye kodi, na kamisheni yake ya mwaka ni 20,400. Wakikata 5% tu inakuwa 1,020, wakati anadaiwa 1,920, kwahiyo kuna 900 ya kulipa. Hapo inabidi ujiwekee mwenyewe karibu 4.5 kwenye kila 100 ya kamisheni, na uiweke siku ileile hela inapoingia, kwasababu kwenye mwezi wa 800 huwezi kuipata tena.

*Dili la mwezi wa 12 nimelipwa mwezi wa 1, linaenda mwaka gani?*
Kwa mwajiriwa sehemu nyingi linahesabiwa mwaka uliolipwa, sio uliouza. Kwahiyo usilijumlishe kwenye slipu zako 12, fuata tarehe ya malipo.

*Mteja akighairi na kampuni ikachukua kamisheni yake?*
Ikiwa ni ndani ya mwaka uleule hakikisha slipu inapunguza kipato, sio tu hela ya mkononi. Hapo ndo watu wengi wanapigwa, kwasababu makato yakiwekwa chini baada ya kodi utakuwa umelipia kodi hela ambayo hukubaki nayo. Tazama mstari wa jumla ya kipato kabla ya kodi, usipopungua rudi kwa mhasibu arekebishe kabla mwaka haujafungwa.