Ekari nane Njoro: kutoka upatanishi hadi mkataba wa familia wenye nguvu ya sheria

Mzee alifariki bila wosia, akaacha ekari 8 na familia mbili, yaani nyumba mbili: mama wa kwanza ana watoto wanne, wa pili ana wawili, wote watu wazima. Nilikuwa mpatanishi wao.

Hatua ya kwanza: pateni barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, kisha ombeni hati ya usimamizi wa mirathi. Mimi hutaka kesi ifunguliwe kabla ya mazungumzo, kwa kuwa makubaliano yasiyo na faili mahakamani hubaki karatasi ya nyumbani.

Hatua ya pili: anzeni mazungumzo na hesabu ya sheria, ili kila mmoja ajue anachokubali kukiacha. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi ya Kenya hugawa kwa idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huongeza fungu moja. Hapa nyumba ya kwanza ilikuwa na mafungu 5 na ya pili 3, yaani ekari 5 na ekari 3. Walielewana kwa ekari 4.5 na 3.5, kwa kuwa kisima kilibaki upande wa kwanza. Warithi watu wazima wanaweza kuiacha hesabu hiyo wakiridhia wote. Fungu la mtoto mdogo msiliguse.

Hatua ya tatu, kuandika na kutia sahihi, ndiyo iliyonigharimu miezi mitano. Binti mmoja wa mama wa kwanza ameolewa Siaya, na kaka zake waliniambia, "Huyo ana kwao sasa." Nikawaacha watie sahihi bila yeye, kosa ambalo ni langu, na mahakama ikaurudisha mkataba, kwani sheria haimtengi binti kwa sababu ya ndoa. Kumbe hakutaka shamba. Tuliandika kipengele kinachosema kwamba ameacha fungu lake kwa hiari, akaapa mbele ya kamishna wa viapo, akatia sahihi Fomu 37 ya kuridhia mgao, kisha akafika mwenyewe mbele ya jaji. Ujumbe wa simu wa "nimekubali" hautoshi, wala ndugu hatii sahihi kwa niaba ya mwenziwe.

Katika mkataba, nambari ya shamba ifanane na ya hatimiliki, na kila jina lifuatane na nambari ya kitambulisho. Msiandike "upande wa juu wa barabara". Ambatisheni mchoro wa mpima ardhi, unaoonyesha pia njia ya kwenda kisimani na upana wake kwa mita.

Hatua ya nne: wasilisheni mkataba mahakamani uwe amri, na hati ya usimamizi wa mirathi ithibitishwe kwa mgao huo. Kwa kuwa shamba linakatwa vipande viwili vyenye hatimiliki tofauti, ombeni pia kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi. Siku ya kuweka bikoni, nyumba zote mbili ziwe shambani.