Kaburi, breki na stima: kupima neno la mkopo kwa penseli

Juzi mpwa wangu alinijia Kisauni na kazi ya chuo. Maneno yote ya mkopo alikuwa ameyaeleza kwa sentensi moja: Waswahili hawapendi konsonanti mbili pamoja. Nikamuuliza, "Na breki je?" "Hapo ndipo nilipokwama, mjomba."

Hatua ya 1. Andika neno linavyotamkwa lilikotoka. Karatasi na penseli zatosha. Praat, ile programu ya kuchambua sauti kwenye kompyuta, iache, hapa itakupotezea jioni bure.

Hatua ya 2. Ipe kila sauti namba ya mvumo wake, yaani inavyosikika kwa nguvu: vipasuo kama b, t na k 1, vikwamizo kama s na f 2, nazali kama m na n 3, l na r 4, w na y 5, irabu 6. Silabi hupanda hadi kwenye irabu, kisha hushuka.

Hatua ya 3. Soma namba. Kiarabu "kabr" ni 1-6-1-4: baada ya irabu zimeshuka, halafu r imepanda tena bila irabu ya kuibeba. Kiswahili kikatia u katikati na i mwishoni, ka-bu-ri. "Shart" ni 2-6-4-1, inashuka vizuri, kwa hiyo i ya mwisho ilitosha: sharti. Lakini angalia "amr": nayo inapanda mwishoni, na bado tumepata amri, si "amuri". Fikra na fikira zote zinasemwa. Namba zinaonyesha neno linapouma, hazichagui dawa.

Hatua ya 4, iliyotuchukua saa mbili: s. "Draiva" inaanza 1-4, inapanda sawasawa, ila tumeivunja ikawa dereva. Hapo kosa si la mvumo, ni Kiswahili kupenda konsonanti moja na irabu yake. Na hata upendeleo huo haukuigusa breki, yenye b na r zilizopanda vivyo hivyo. Stima nayo inaanza 2-1, inashuka kabla ya kupanda. Kwa kanuni ilipaswa kuvunjika kwanza, lakini imesimama. Wanaosema Kihindi wengi hutanguliza i, wakasema "iskul". Sisi tulifanya kinyume: tulipochukua vitenzi vya Kiarabu vinavyoanza na "ista-", i tukaiangusha, tukabaki na stahili na stahimili. Kwa hiyo Kiingereza kilipoleta stesheni na stempu, mlango wa st ulikuwa wazi. Wanaisimu wengi huihesabu s hiyo kuwa nje ya silabi. Usiandike kwamba stima "inafuata" mvumo. Mpwa wangu aliandika hivyo mara mbili, nikafuta mara mbili.

Hatua ya 5. Irabu ya mwisho: baada ya sauti ya midomo mara nyingi ni u (klabu, stempu, filamu), kwingine i (tiketi, benki, glasi).