Tiki, au "ndiyo" na "hapana"?

Ukiandaa dodoso litakalojazwa na wakazi wenyewe mtaani Kawangware, na ukataka kujua familia huweka akiba wapi, usiorodheshe chama, ushirika, benki, simu na kibubu kisha ukaomba watu waweke tiki panapowahusu. Orodha ya namna hiyo humruhusu mtu kutosheka na majibu ya juu na kuyaacha mengine bila kuyatafakari, na kisanduku kitupu hakikuambii kama alimaanisha hapana, hajui, au hakukisoma kabisa. Kila kipengele kikidai "ndiyo" au "hapana", atalazimika kukifikiria peke yake. Majaribio ya Smyth na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha kwamba mtindo huu huvuna "ndiyo" nyingi zaidi.

Kwa hiyo, ikiwa mwaka jana ulitumia tiki na mwaka huu umebadilisha, ongezeko la wanaotaja kibubu huenda limetokana na dodoso lenyewe, na takwimu hizo mbili hazifai kulinganishwa. Tazama pia fomu zenye "ndiyo" chache na nafasi tupu bila "hapana" hata moja: mjazaji amegeuza maswali yako kuwa orodha ya tiki, na nafasi hizo, kwa maoni yangu, zihesabiwe kuwa majibu yaliyokosekana.