SOMO: Kutembea Sabasaba kutafuta wazo la biashara, pamoja na maswali yenu

Ndugu wanachama, wengi wetu huenda Sabasaba kula chipsi, kupanda bembea na kurudi na sufuria. Somo hili ni la anayekwenda pale Viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, akitafuta cha kuuza. Nitatumia mfano mmoja tu, wa vifungashio, kwa sababu ndipo wazo linapojificha waziwazi.

Hatua ya 1: Siku. Julai 7 yenyewe watu hujaa hadi hakupitiki, na mwenye banda hana muda na wewe. Nenda asubuhi ya siku ya kazi kwa ajili ya mazungumzo. Ukipata nafasi, rudi siku za mwisho: waonyeshaji hushusha bei ili wasirudi na mzigo, kwa hiyo bei za siku hizo usizihesabu, ila angalia katoni zipi bado zimejaa.

Hatua ya 2: Simama pembeni, usinunue. Chagua eneo moja, mfano banda la SIDO lenye wasindikaji wadogo wa asali, pilipili, karanga na viungo. Watu wakijaa, angalia mikono yao. Penye kuonja bure pana umati siku zote, lakini wanaoondoka na mfuko ni wangapi? Sikiliza pia maswali ambayo muuzaji anayajibu kwa kusitasita. "Hamna ya ujazo mdogo?" "Nikiwa Songea nitaipata wapi?" Hayo ndiyo ya kuandika kwenye daftari.

Hatua ya 3: Geuza chupa. Hapa ndipo penye kazi. Shika chupa ya pilipili, iinamishe. Mafuta yakichuruzika kwenye kizibo na lebo ikawa imelowa, wino umetawanyika, huyo mtu ana tatizo la kifungashio. Ukikuta chupa ileile kwenye mabanda manne, lebo tofauti, maana yake wote wananunua sehemu moja. Muulize taratibu: "Dada, chupa hizi unazitoa wapi? Unachukua ngapi kwa mara moja?" Swali la chupa hulijibu kwa moyo, maana ndilo linalomsumbua. Ukimuuliza faida yake, atafunga mdomo. Wengi wa mikoani watakwambia wanaagiza Dar, na wanalazimika kuchukua nyingi kuliko wanazohitaji.

Hatua ya 4: Mfuate muuza vifungashio. Yupo humohumo viwanjani. Muulize kiwango cha chini cha kuagiza, bei inavyoshuka kadiri unavyoongeza, na kama yeye ni kiwanda au wakala. Nunua chupa mbili na vizibo vyake, nenda ujaze mafuta nyumbani, uzilaze usiku kucha juu ya karatasi.

Hatua ya 5: Piga hesabu kabla hujafurahi. Tuseme chupa ni sh 400, katoni ina chupa 200, na nauli ya katoni hadi mkoani ni 15,000. Chupa imekufikia kwa 475. Ukiuza kwa dazeni, kila chupa 600, unabaki na 125 kwa chupa. Tamu, si ndiyo? Sasa muuzaji anataka uchukue katoni 10: sh 950,000 pamoja na nauli. Wasindikaji wanane uliowaandika wanatumia chupa 50 kila mmoja kwa mwezi, yaani katoni mbili. Faida ni 50,000 kwa mwezi, na mzigo utakaa stoo miezi mitano. Kwa hesabu hiyo wazo halijasimama. Ama umshawishi akuuzie katoni tatu tatu, ama uongeze vizibo na uchapaji wa lebo kwa wateja haohao, ama uliache.

MASWALI

Swali (Mbeya): Mimi Dar siwezi kufika. Nanenane inafaa?

Jibu: Inafaa, nenda viwanja vya John Mwakangale. Ila pale mgeni ni mkulima, kwa hiyo simama kwenye mashine: za kupukuchua, pampu, vikaushio. Sikiliza wanaouliza vipuri na fundi. Mwenye banda akisema "fundi yuko Dar", andika.

Swali: Nikipiga picha mabanda wananifukuza.

Jibu: Wana haki, wameibiwa lebo sana. Omba kadi ya biashara, nyuma yake andika ulichokiona kabla hujafika banda linalofuata, maana jioni kadi zote zinafanana.

Swali: Muuza chupa anataka kianzio palepale, eti ofa inaisha na maonesho.

Jibu: Usitoe. Banda litabomolewa, utamtafuta wapi? Chukua ankara yenye namba ya TIN na mahali duka lilipo, kisha mtembelee baada ya maonesho, au mtume ndugu aliye Dar. Kama ni mfanyabiashara kweli, utamkuta na chupa zilezile rafuni. Bei ikiwa imepanda kidogo, rudia hatua ya 5 kwa bei hiyo mpya, kwa sababu hiyo ndiyo utakayonunulia mwaka mzima.