Somo: Maoni ya haki baada ya safari ya Mara, na ile tikiti ya siku ya tatu

Nilikaa miaka sita kwenye dawati la kuhifadhi nafasi katika ofisi ya utalii hapa mjini. Maoni ya wageni niliyosoma ni ya aina mbili hasa: "safari ya ndoto" au "matapeli hawa". Hakuna hata moja linalomsaidia mtu anayetaka kulipa kesho. Safari hii nilikuwa mgeni mwenyewe, pamoja na dada yangu na mumewe Mjerumani: siku tatu, usiku mbili, 29 Juni hadi 1 Julai, vani ya kuchangia na wageni wengine, kambi iko nje ya geti la Sekenani. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na neno "tapeli". Nitawaonyesha jinsi lilivyotoka.

Hatua ya 1: Anza na ratiba uliyotumiwa kabla ya kulipa

Usianze na kumbukumbu. Fungua ile ratiba iliyokuja kwa barua pepe au WhatsApp, kisha pembeni ya kila ahadi andika kilichotokea, na saa yake. Saa ni rahisi kuzipata: picha za simu zina saa, na ujumbe wa M-Pesa una saa.

Ratiba yetu ilisema tutoke mjini saa moja asubuhi na kuingia getini saa tisa alasiri. Tuliingia saa kumi na dakika ishirini. Kwa kuwa magari hutakiwa kumaliza mzunguko saa kumi na mbili jioni, saa tatu za kutazama wanyama siku ya kwanza zilibaki saa moja na dakika arobaini. Dada alitaka niandike "tulicheleweshwa na kampuni". Tukahesabu kwanza.

Dakika arobaini na tano zilipotelea Westlands, tukimsubiri mgeni mwenzetu aliyeshuka hotelini nywele zikichuruzika maji. Ishirini na tano nyingine zilikwenda kwenye kituo cha mafuta Waiyaki Way, kwa sababu gari lilikuja tangi likiwa karibu tupu. Pale juu ya mteremko, kabla ya Mai Mahiu, ratiba ilitupa dakika kumi na tano za kutazama Bonde la Ufa. Tulikaa arobaini, nyingi zikiwa ndani ya duka la vinyago. Jumla dakika tisini na tano. Dereva alirudisha kumi na tano kwa kufupisha chakula cha mchana Narok.

Kwa hiyo niliandika hivi: "Tulichelewa dakika 80 kufika getini. Karibu nusu ni ya mgeni mwenzetu. Nyingine ni ya mafuta na duka la vinyago, ambayo ofisi ingeweza kuzuia." Anayesoma anajua sasa kwamba gari la kuchangia lina hatari yake hata kampuni ikiwa nzuri, na kwamba duka lile anaweza kulikataa kabla hajapanda gari. (Dereva hupata kamisheni pale, si siri. Simlaumu kusimama, namlaumu kutotuuliza.)

Hatua ya 2: Gharama zilizofichwa, na hapa usiharakishe

Asubuhi ya 1 Julai, saa kumi na mbili kasoro, tuko getini Sekenani kwa baridi. Dereva anarudi kutoka dirishani akikwepa macho yetu: shemeji anatakiwa kulipa dola 200. Sisi wananchi ada yetu ni ndogo, tukaimaliza bila kelele. Yeye akauliza, si tulilipa ada zote Nairobi?

Ili ujue nani ana kosa, lazima ujue ada inavyohesabiwa. Hifadhi ya Maasai Mara iko chini ya Kaunti ya Narok. Mgeni mzima asiye mkazi hulipa dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Tikiti ni ya siku moja, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Anayelala ndani ya hifadhi usiku mbili hulipa tikiti mbili, na siku ya kuondoka anatakiwa awe ametoka kufikia saa nne asubuhi. Anayelala nje hulipa kila siku anayoingia.

Sisi tulilala nje. Tuliingia siku ya kwanza alasiri, siku ya pili kutwa, na ratiba iliahidi "mzunguko wa mapema hifadhini" siku ya tatu. Hizo ni tikiti tatu: 100, 100 na 200, kwa sababu ya tatu iliangukia Julai. Ofisi ilipiga hesabu ya mbili. Kwenye bei waliandika tu "ada za hifadhi zimejumuishwa", bila kutaja siku ngapi.

Basi dereva hakututapeli. Yeye alikuwa na pesa alizopewa na ofisi. Kaunti nayo haikutushtukiza, viwango vyake vinajulikana. Kosa ni la aliyeandika bei, na ndipo neno "tapeli" lilipokufa, kwa sababu sina njia ya kujua kama alikusudia au alinakili bei ya kambi ya ndani ya hifadhi. Nimewahi kuona kosa hilo likifanywa na mtu mwaminifu kabisa, Ijumaa jioni, akikimbilia matatu.

Gharama nyingine zipime kwa swali moja: je, iliandikwa kuwa haimo? Ziara ya manyata ya Wamaasai, soda kambini, bakshishi, puto la asubuhi, vyote vilikuwa kwenye orodha ya visivyojumuishwa. Kuvitaja kama "gharama zilizofichwa" ni uonevu.

Hatua ya 3: Usalama, ulichokiona kwa macho

"Aliendesha vibaya" haina maana. Andika ulichoona: mikanda ilifunga au la, matairi yana meno au yamelainika, tairi la akiba lipo, dereva alishika simu mara ngapi. Sisi mkanda wa kiti cha nyuma kushoto haukufunga. Nilimwonyesha dereva siku ya kwanza, na siku ya tatu ulikuwa vilevile. Hilo limeingia kwenye maoni jinsi lilivyo. Kuhusu mwendo, magari ya abiria yana kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Kama hukuangalia mshale, usiandike kwamba alikuwa akikimbiza.

Jambo moja lilikaribia kunipita. Siku ya pili tuliona duma na watoto wake wawili chini ya mti, mbali kidogo na barabara. Shemeji aliomba dereva akate kwenye nyasi, hata akagusia bakshishi nono. Dereva alikataa, akazima injini, akatupa darubini. Jioni ile shemeji alisema niandike kuwa "hakutusogeza karibu". Kuacha njia ni marufuku mle hifadhini, na gari likimkaribia duma anaweza kukosa windo lake, watoto walale njaa. Malalamiko yale nikayageuza sifa, tena kwa jina la dereva.

Hatua ya 4: Waandikie ofisi kwanza

Niliwapa siku saba. Niliambatisha ratiba, risiti ya getini na swali moja: tikiti ya siku ya tatu ilikuwa ndani ya bei au la? Walijibu siku ya nne, wakakubali kurudisha dola 100, wakidai nyongeza ya Julai ni ya kaunti. Sikubaliani nao, kwani tarehe waliijua tangu walipotuuzia. Lakini niliandika yote: nilichodai, walichotoa, na siku walizochukua.

Hatua ya 5: Andika, na nyota ziwe za mwisho

Taja mwezi, aina ya gari, la kuchangia au la binafsi, na kambi ilikuwa ndani au nje ya geti. Bila hayo msomaji hajui kama safari yako inafanana na yake. Yangu yalikuwa mistari kumi na miwili. Niliwapa nyota tatu.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kasarani:* Dada, sisi tulikwenda Agosti kuona nyumbu wakivuka mto Mara. Tulikaa kingoni kwa muda wa saa nne, hawakuvuka. Nipunguze nyota?

Hapana, isipokuwa walikuahidi kwa maandishi kuwa mtaona. Nyumbu hawana ratiba. Unachoweza kupima ni kama dereva alikuwa na subira, kama alikuwa akisikiliza redio na kuulizana na wenzake, na kama aliwaeleza kabla kwamba wanaweza wasivuke. Saa nne kingoni, kwangu mimi, ni dereva mwenye bidii.

*Kutoka Lang'ata:* Kampuni inasema itanirudishia pesa nikifuta maoni yangu. Nifanyeje?

Pokea kama pesa ni haki yako, lakini usifute. Ongeza mstari chini: "Tarehe fulani walinirudishia kiasi fulani." Wakisema bila kufuta hakuna pesa, hilo nalo ni jambo la kuandika, maneno yao yenyewe ukiwa umeyahifadhi.

*Kutoka South B:* Mimi ni dereva wa watalii, miaka kumi na moja. Wageni wakikasirikia ofisi, jina linalochafuka ni langu, na ofisi inayofuata inasoma. Waambie wanachama, dada.

Umesema kweli, kaka. Wanachama, jina la dereva litajeni kwa sifa, au kwa jambo la usalama alilolifanya kwa mkono wake. Bei, kambi, na mkanda mbovu ambao gereji haikutengeneza ni vya kampuni. Na mkiona beji ya chama cha waongozaji, ile KPSGA, angalieni kama ni ya shaba, fedha au dhahabu, muitaje. Ameifanyia mtihani. Halafu tafadhali andikeni "mwongozaji". Nimesoma maoni mtu akimsifu "gaidi wetu mzuri sana".

*Kutoka Umoja:* Nikiandika jina la kampuni si watanishtaki? Na nikitaka kulalamika rasmi?

Kinachokuletea shida ni kumwita mtu mwizi bila ushahidi. "Niliombwa dola 200 getini, risiti ninayo, bei ilisema ada zimejumuishwa" ni habari unayoweza kuithibitisha. Malalamiko rasmi yapeleke kwa mamlaka inayotoa leseni za utalii, TRA. Kama kampuni ni mwanachama wa KATO, chama cha kampuni za safari, nao waandikie. Peleka ratiba na risiti ileile uliyowapa ofisi.

*Kutoka Kasarani tena:* Na ule mkanda, walitengeneza?

Sijui bado. Binamu yangu anasafiri nao mwezi ujao, nimemwambia aketi nyuma kushoto kabla gari halijaondoka.