SOMO: Kubadili rangi ya gauni na kuondoa ndoo bila kugusa picha asili

Wadau, wiki iliyopita nilipata kazi ambayo mteja aliibadilisha mara mbili. Picha ni ya dada yake amesimama mbele ya ukuta mweupe, gauni la bluu, na pembeni mtu kasahau ndoo ya plastiki iliyoziba kipande cha pindo. Alitaka ndoo iondoke na gauni liwe damu ya mzee. Kesho yake akataka kijani. Keshokutwa akarudi kwenye damu ya mzee, "ila isiwe nzito sana". Badiliko la mwisho lilinichukua kama dakika moja, na siri iko kwenye mpangilio wa leya. Natumia Photoshop.

Hatua ya 1: Ndoo iondoke kwenye leya tupu

Wengi wanaanza kwa Ctrl+J, wanapata nakala ya picha nzima, halafu wanaifuta ndoo humo humo. Asili inabaki salama, sawa. Lakini ukikosea sehemu moja na umeshafanya kazi ya saa nzima juu ya nakala hiyo, unarudi mwanzo. Mimi natengeneza leya tupu juu ya Background, nachukua Clone Stamp, na kwenye mstari wa juu, pale penye Sample, nachagua Current & Below. Brashi inachukua ukuta kutoka chini na kuuweka kwenye leya tupu. Kiraka kikiwa kibaya unakifuta kwa Eraser, na ndoo inarudi palepale ilipokuwa.

Usisahau kivuli cha ndoo sakafuni. Nimeona kazi nyingi ambazo kitu kimeondoka, kivuli chake kimebaki.

Hatua ya 2: Pindo lililozibwa, hapa ndipo nakala inapohitajika

Ukuta unaweza kuubuni, pindo la gauni huwezi. Kwa hiyo nilikopa upande wa pili. Bonyeza leya ya Background kwanza, zungushia pindo la upande ulio wazi kwa Lasso, uache nafasi kidogo kuzunguka, kisha Ctrl+J. Kipande hicho tu kinakuwa leya yake. Iburute juu ya ile leya ya viraka, la sivyo viraka vya ukuta vitaifunika. Ukisahau kuchagua Background ukawa bado uko kwenye leya tupu, Photoshop itakataa na kukwambia eneo ulilochagua halina kitu.

Kabla ya kukigeuza, bofya kulia kwenye leya na uchague Convert to Smart Object. Ukikuza na kupunguza kipande cha kawaida mara nne, pikseli zinachoka na kitambaa kinakuwa na ukungu. Kikiwa Smart Object, kila badiliko linahesabiwa upya kutoka kwenye kipande cha mwanzo. Sasa Edit > Transform > Flip Horizontal, kisogeze mahali pake, halafu bonyeza Add layer mask chini ya paneli ya leya. Paka nyeusi kingoni kwa brashi laini mpaka mshono upotee. Nyeusi inaficha, nyeupe inaonyesha. Ukizidisha, bonyeza X na upake nyeupe, kitambaa kinarudi.

Hatua ya 3: Rangi, kundi moja na maski moja

Chagua gauni kwa Object Selection, na uweke alama kwenye Sample All Layers ili lile pindo la kuazima nalo lihesabiwe. Ukilisahau litabaki bluu peke yake chini ya gauni la damu ya mzee. Kisha tengeneza kundi jipya juu ya leya zote na ulipe maski. Ndani ya kundi weka leya mbili za marekebisho: Hue/Saturation na Curves. Maski iko kwenye kundi, kwa hiyo ukirekebisha ukingo mara moja, marekebisho yote mawili yanafuata.

Kwangu Hue ilikuwa +130, Saturation -10. Kufanya rangi iwe nzito, usiguse Lightness. Ile inasukuma kila kitu kuelekea nyeusi na mikunjo inalala. Tumia Curves, vuta katikati chini kidogo, mikunjo itabaki hai. Mteja alipotaka kijani, nilipeleka Hue kwenye -100 na kazi ikaisha. Na hiyo "isiwe nzito sana" ilikuwa Curves tu.

Ukingo ukionekana mkali kama umekatwa kwa mkasi, bonyeza maski mara moja na kwenye paneli ya Properties ongeza Feather hadi pikseli 1 au 2. Hiyo unaweza kuirudisha sifuri wakati wowote. Ile ya Select > Modify > Feather ukishaitengenezea maski, imeshaingia humo.

Hatua ya 4: Bluu iliyorukia kwenye ngozi

Gauni la bluu linarusha bluu yake chini ya kidevu na kwenye mikono kwa ndani. Ukibadili gauni ukaiacha hiyo, jicho linahisi kuna uongo hata kama haliwezi kusema ni wapi. Weka Hue/Saturation nyingine juu ya kundi, nje yake, chagua Blues badala ya Master, shusha Saturation hadi -60 hivi. Kisha Ctrl+I ili maski yake iwe nyeusi yote, na upake nyeupe kwa brashi ya Opacity 30% pale tu penye bluu.

Hifadhi PSD. Mteja mpelekee JPEG, ambayo haibebi leya hata moja.

MASWALI

Mdau, Tanga: Mkuu, nikipaka nyeusi, picha yenyewe inakuwa nyeusi badala ya kufichika.

Jibu: Unapaka kwenye picha, si kwenye maski. Angalia vile vijipicha viwili kwenye leya, chenye fremu ndicho unachokipaka. Ctrl+Z, bonyeza kijipicha cha maski, endelea. Ukitaka kuiona maski yenyewe, shika Alt na uibonyeze. Hapo utaona na madoa ya kijivu uliyoyaacha bila kujua.

Mdau, Mombasa: Nimefuata yote, lakini marekebisho ndani ya kundi hayafanyi kitu. Gauni bado bluu.

Jibu: Bila shaka kundi lako liko kwenye Normal. Lirudishe Pass Through. Kwenye Normal, marekebisho yanaishia ndani ya kundi, na humo hakuna picha.

Mdau, Mwanza: Nilirudi kusafisha ukuta baada ya kuongeza Curves juu ya picha nzima. Kila nikigonga Clone Stamp, kiraka kinatoka cheusi kuliko ukuta.

Jibu: Umechagua All Layers. Brashi inachukua ukuta ambao Curves imeshautia weusi, inauweka chini ya Curves ileile, na unapata weusi mara mbili. Rudi kwenye Current & Below.

Mdau, Dodoma: Je, gauni likiwa jeupe? Hue haisogezi kitu.

Jibu: Haiwezi, dada, nyeupe haina rangi ya kuzungushwa. Ndani ya kundi lilelile weka Solid Color, chagua rangi yako, uiweke Multiply. Mikunjo itaonekana kupitia rangi. Jeusi ni shida zaidi: lazima kwanza uling'arishe kwa Curves, na kama picha ilipigwa gizani, zile chembechembe zitajitokeza zote. Kazi ya namna hiyo mimi huwa nairudisha kwa mteja.

Mdau, Tanga: Asante, imekubali. Na sisi wa Photopea?

Jibu: Leya tupu, maski, kundi na Hue/Saturation vyote vimo, na inafungua PSD. Ila usifunge ukurasa wa kivinjari kabla ya kuhifadhi PSD yako.