Bomba la zamani linagonga usiku? Hivi ndivyo mimi na jirani tulivyolisaka

Hii ni kwa nyinyi mnaokaa ghorofa za zamani, mabomba ya chuma, tangi juu ya paa, maji ya mtaani yanakuja usiku. Kwetu Ilala bomba lilikuwa linagonga ko-ko-ko kama mtu yuko mlangoni, linanyamaza, linaanza tena. Mzee wa chini alishaamini ni watoto wa mpangaji wa juu wanaruka ruka, na mpangaji naye kashanuna. Nikamwambia mzee tukalitafute wote, maana kazi hii inataka watu wawili.

Hatua ya 1: jua linagonga saa ngapi

Likigonga mara moja tu, kishindo, pale mtu anapofunga koki ghafla, hayo ni maji yaliyokuwa mwendoni yamesimamishwa ghafla. Likitetema pale koki fulani ikifunguliwa kidogo, angalia washa ya koki hiyo, imelegea. Letu lilikuwa linagonga watu wote wakiwa wamelala na hakuna koki iliyofunguliwa, kwa hiyo maji yalikuwa yanakwenda sehemu moja tu, kwenye tangi.

Hatua ya 2: pitisha testa

Kwenye nyumba za zamani kuna mafundi waliofunga waya wa ethi kwenye bomba la maji. Pima kwanza kama bomba lina umeme, ndo ushike.

Hatua ya 3: tafuta sehemu, na usiliamini sikio peke yake

Hapa ndo watu wanapoteza usiku mzima. Chuma kinasafirisha sauti haraka sana, bomba zima linalia kwa pamoja, kwa hiyo unaposikia kelele kubwa siyo lazima ndo zinapoanzia. Mzee alikuwa anaapa iko nyuma ya ukuta wa jiko lake, "Kijana, leta nyundo tupasue hapa," nikamwambia mzee wangu subiri kwanza, ukuta ukishapasuliwa haurudi.

Tulifanya hivi. Mzee alibaki chini na simu, kiganja kakibandika kwenye bomba, mimi nikapanda na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, ncha kwenye bomba na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Bisibisi naipenda kuliko zile programu za simu za kupima kelele, kwa sababu simu inachukua na kelele za mtaa. Kila kibano kinachoshika bomba ukutani nasimama, namuuliza mzee "hapo vipi?", naye ananiambia mkono unahisi nini. Kiganja ndo kinasema kweli: sehemu nyingine bomba linanguruma tu, ila kwenye kibano kilicholegea linaruka kabisa na kugonga ukuta. Sisi tulikikuta ghorofa ya pili, skrubu imeliwa na kutu, na plasta nyuma yake ina alama nyeusi ya kugongwa.

Lakini usishangilie hapo. Kibano kinakwambia bomba linagonga wapi, hakikwambii nani analitikisa. Ukikaza kibano tu, kelele inahamia kibano kinachofuata.

Hatua ya 4: nenda kwenye tangi

Fungua mfuniko ukiwa na tochi. Tangi lilikuwa karibu kujaa, maji yanaingia kwa nguvu na kupiga mawimbi, boya linapanda linashuka, na kila likipanda valvu inafunga, likishuka inafungua. Kila ikifunga, bomba zima linashtuka. Usiku presha ya mtaani inapanda kwa sababu watumiaji ni wachache, ndo maana mchana palikuwa kimya. Uhakika ni huu: nilinyanyua mkono wa boya nikaushikilia, mzee akapiga kelele kwenye simu "Limenyamaza!" Nikaachia, likaanza.

Hatua ya 5: tengeneza

Punguza koki kubwa ya kuingiza maji taratibu mpaka mawimbi yatulie, tangi litachelewa kujaa lakini litajaa. Koki ya zamani ikigoma usiilazimishe kwa spana, shina linakatika na jengo zima linakosa maji. Kisha toboa matundu chini ya kopo la plastiki la siagi, lioshe vizuri, lining'inize kwa waya usioshika kutu kwenye mkono wa boya, lizame majini. Kopo linabeba maji na kuzuia boya lisicheze. Badilisha na washa ya valvu kama imechakaa. Kibano weka kipya, katikati chomeka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kaza kwa kiasi maana bomba lililoliwa na kutu halitaki nguvu.

Ukimaliza subiri tangi likaribie kujaa usiku, mmoja juu mmoja chini, mkono kwenye bomba. Kama bado linagonga na boya limetulia kabisa, valvu yenyewe imekwisha, nunua nyingine, na mwambie muuzaji unataka ya shaba.